Chukueni Tu

Saa tano na nusu usiku mwongozaji aliniachia ufunguo wa studio. "Mdogo wangu, mimi nikiitazama tena nitaichukia," akasema. "Itafute wewe." Akashuka ngazi, nikasikia anapatana bei na bodaboda pale chini.

Alichotaka nitafute ni teki. Sini ya mwisho ya filamu yetu ilikuwa imekufa, na dirisha la kupokea filamu za tamasha lilikuwa linafungwa saa tatu asubuhi. Ukitoa saa moja ya kompyuta kuitengeneza filamu nzima kuwa faili moja, na saa mbili za kuipakia kwa bando la simu, mimi nilikuwa na mpaka saa kumi na mbili alfajiri.

Studio ni jina kubwa. Ni chumba cha ghorofa ya pili hapa Mirongo, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, chenye meza, kompyuta moja, spika mbili na magodoro tuliyoyaegemeza ukutani ili sauti isirudi. Dirisha linatazama upande wa Mto Mirongo. Kiangazi huo ni mkondo mwembamba unaosukuma chupa za plastiki kuelekea ziwani. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mawe unakumbuka kuwa ni mto, na wenye maduka ya chini huanza kuinua bidhaa zao. Usiku ule ulikuwa mkavu. Niliwasha feni, nikaizima kwa sababu ya kelele, nikakaa.

Filamu yenyewe ni ya mjane wa mvuvi wa dagaa. Mume anatoka usiku wa giza, maana dagaa wa ziwani huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa angavu taa haina nguvu juu yao. Harudi. Baada ya arobaini ndugu zake wanakuja nyumbani kudai mtumbwi. Kwenye skripti mjane anajibu kwa maneno mawili: "Mtumbwi chukueni." Shemeji anainuka, wanaondoka, mjane anabaki na wavu mapajani. Filamu imekwisha. Jumla dakika 74, zilizotolewa kwenye picha za saa 14 hivi. Sini hii peke yake ni dakika mbili na sekunde arobaini.

Aliyecheza mjane si mwigizaji. Ni mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye mwongozaji alimwona akibishana na mchukuzi na kumfuata mpaka akakubali. Tulikuwa tumemrekodi sini hiyo mara tisa, jioni moja, katika chumba cha mabati cha jirani yake. Teki ya sita ndiyo tuliyoichagua sote bila ubishi. Anaanza kusema, sauti inakatika, chozi linashuka polepole kwenye shavu la kushoto, upande uleule wa taa. Mpiga picha alitoka pale anatetemeka.

Wiki moja kabla ya usiku huu tuliwaonyesha watu sita filamu nzima, ukutani. Katika sini hiyo wawili walitoa simu zao. Baadaye tukawauliza, wote wakasema nzuri. Mmoja akaongeza, "Yule mama analia vizuri sana." Nililala na hiyo kauli. Mtu aliyezama kwenye filamu hasemi kwamba mama analia vizuri. Anauliza kwa nini mama amewapa mtumbwi.

Kurudi kupiga upya hakukuwezekana. Mtumbwi tuliouazima ulishauzwa, ukapakwa rangi nyingine, ukaenda Ukerewe. Mwongozaji alikuwa na deni la taa. Kwa hiyo chochote kitakachoiokoa sini kilikuwa tayari ndani ya hadi diski, au hakikuwepo kabisa.

Kosa la kwanza la mhariri aliyebanwa na muda ni kuanza kutazama teki zote upya, ya kwanza hadi ya tisa, akingoja moja imguse. Nilifanya kosa hilo kwa dakika hamsini. Kufikia teki ya tano jicho limechoka na kila kitu kinafanana. Unaanza kupenda teki kwa sababu tu ni tofauti na uliyoizoea. Nikasimamisha, nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu kitu ambacho sini inakosa. Siyo kilicho kibaya ndani yake. Kinachokosekana.

Ilinichukua muda kukipata. Mjane ameshalia. Analia sini mbili kabla, ufukweni, wanapoleta kandambili ya mumewe, na pale kilio chake ni cha kweli na cha kutosha. Akilia tena mbele ya mashemeji, mtazamaji anapokea kitu alichokwisha kupewa. Na kuna jambo la pili: anapolia, ndugu wa mume wanakuwa wameshinda. Sini inageuka ya wao kuchukua. Nikaandika: *awe yeye anayetoa*.

Basi nikarudi kwenye teki tisa nikiwa na swali moja. Ipo teki ambayo anatoa? Ya pili alisahau maneno. Ya tatu aligeuka akaipa kamera mgongo, na mpiga picha akapoteza fokasi akimfuata. Ya saba mvua iliangukia mabati na hakuna kinachosikika. Ya nane na ya tisa alikuwa amechoka anaigiza teki ya sita, kwa sababu tulimsifu mno. Nilijibu swali langu saa saba na robo: haipo.

Nikachemsha maji ya chai. Hapo ndipo nilipomkumbuka Walter Murch.

Murch ni mhariri wa picha na sauti wa Kimarekani, na hadithi yake moja wahariri tunasimuliana kama wavuvi wanavyosimuliana dhoruba. Alifanya kazi kwenye filamu ya Francis Ford Coppola iitwayo *The Conversation*, iliyotoka mwaka 1974. Inamhusu fundi wa kunasa sauti za watu kwa siri, anayerekodi mazungumzo ya kijana na mwanamke wakitembea katika uwanja wenye watu wengi mjini San Francisco. Katika mkanda huo kijana anasema kwamba bwana fulani akipata nafasi atawaua. Fundi anausikiliza mkanda mara nyingi mno, akiwahofia vijana wale. Mwishoni tunagundua kwamba wao ndio waliokuwa wakipanga kuua.

Sauti zilizonaswa uwanjani zilikuwa na kasoro, kwa hiyo Murch aliwachukua waigizaji wawili wale na kinasa sauti, akaenda nao bustani tulivu, wakayarudia maneno yote. Katika urudiaji mmoja mwigizaji Frederic Forrest aliukandamiza mkazo kwenye neno la "sisi". Murch aliliona ni kosa, akaliweka kando. Coppola alikuwa amekwenda kutengeneza sehemu ya pili ya *The Godfather*, na kazi kubwa ya kuikamilisha filamu ilimwangukia Murch. Watazamaji wa majaribio walikuwa hawaelewi mwisho. Ndipo akaikumbuka ile sauti ya bustanini, akaiweka mahali ambapo mkanda unasikika mwishoni. Maneno ni yaleyale, lakini sasa yanasema: ikiwa yeye angetuua *sisi*, basi na sisi tunayo haki ya kumtangulia.

Niliwahi kujaribu kumweleza mwongozaji wetu hadithi hiyo kwa Kiswahili ikanishinda. Kwetu "sisi" amejificha katikati ya kitenzi: *angetuua*. Ukijaribu kuikandamiza ile *-tu-* utaonekana una kigugumizi. Kiswahili hakibadilishi maana kwa kupandisha sauti kwenye neno moja kama wafanyavyo Waingereza. Kinahamisha neno mahali, au kinaongeza kineno. *Chukueni mtumbwi* ni amri. *Mtumbwi chukueni* inamaanisha kuna kingine hamtakichukua, na ndiyo sababu mwandishi wetu aliipanga hivyo. Haya nayajua vizuri. Ila usiku ule, nikiwa na kikombe mkononi, yalinifikia kwa upande mwingine: Murch hakuipata dawa kwenye picha. Aliipata kwenye sauti, tena sauti iliyorekodiwa bila kamera.

Nikazima skrini ya picha, nikafungua folda ya sauti.

Hapa inabidi nieleze jinsi tunavyofanya kazi. Kamera inarekodi picha na sauti mbovu. Kinasa sauti cha pembeni kinarekodi sauti nzuri. Klapa ikigongwa mbele ya kamera, ule mlio unaonekana kwenye faili zote mbili, na kompyuta inazilinganisha na kuzifunga pamoja. Ikishazifunga, inakata sauti yote iliyozidi urefu wa picha. Ni sahihi, ndicho unachotaka, na baada ya hapo hufungui tena sauti ghafi. Miezi minne nilikuwa nimeihariri filamu hii bila kurudi kwenye folda ile.

Nilipozipanga kwa urefu, nikaona hivi:

```
C0212.MP4          00:01:52
ZOOM0038_Tr2.WAV   00:06:10
```

Teki ya nne. Picha ni chini ya dakika mbili, sauti ni dakika sita na ushee. Kijana wa sauti aliwasha kinasa mapema akasahau, au alikuwa anaokoa muda. Kulikuwa na dakika nne ambazo hakuna aliyewahi kuzisikiliza tangu jioni ile.

Nyingi ni takataka. Mtu anauliza chaja iko wapi. Kuku anafukuzwa. Mwongozaji anamweleza shemeji asimwangalie mama machoni. Kisha, karibu dakika ya tatu, kijana wa sauti anasema, "Mama, sema chochote nipime." Kwa kawaida watu huhesabu moja mbili tatu, au hutaja walichokula. Kimya kidogo. Halafu mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, wala si ya juu, kama anayemfungia mteja wa mwisho mzigo wake jioni:

"Mtumbwi chukueni tu."

Kijana akasema, "Sawa mama, poa," na wakaendelea kubishana juu ya chaja.

Niliirudia mara tatu. Ile *tu* haikuwa kwenye skripti. Kwa Kiswahili *tu* inaweza kuwa "peke yake", na inaweza kuwa "hata haina haja ya kubishana". Yeye alisema zote mbili kwa pumzi moja. Mjane aliyesema hivyo hajashindwa. Amewapima wageni wake, amewaona bei yao, na anataka waondoke. Nilitazama saa. Saa nane na dakika kumi.

Kuwa na sauti ni nusu ya kazi, maana sauti hiyo haina picha. Kwanza nikafanya upumbavu wa kuipachika kwenye klozapu ya teki ya kwanza, nikivuta silabi moja moja zifuate midomo. Maneno "mtumbwi chukueni" yalikaa vizuri, lakini ile *tu* ilitoka mdomo ukiwa umeshafungwa. Ilifanana na zile filamu tulizokua nazo kwenye vibanda vya video, Wachina wakipigana huku Lufufu akiwasemea kila mmoja. Tulizipenda, lakini hii haikuwa filamu ya namna hiyo.

Ndipo nikarudi kwenye teki ya tatu, ile aliyogeuka. Kwenye daftari langu niliiandikia *haifai, fokasi*. Na kweli kwa sekunde mbili picha ni ukungu mtupu. Lakini fokasi inaporudi inatua kwenye kisogo chake, kitenge kimeteleza begani, na mikono inaendelea kutafuta tundu kwenye wavu. Midomo haionekani. Nikakata ule ukungu, nikaanzia pale picha inapotulia, nikaiweka sauti juu yake. Mgongo ukasema.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa bodaboda. Kwenye sauti ile, chini ya neno "chukueni", kuna pikipiki inapita nje. Nilikata mngurumo wote wa chini ya hezi 100, ukapungua, lakini sehemu iliyobaki imekaa palepale sauti ya mama ilipo. Ukiindoa, yeye anakuwa kama anaongea ndani ya debe. Na ukiiacha, pikipiki inaibuka ghafla na kutoweka pale sauti inapokatwa, na sikio la mtazamaji linajua kuna kiraka hata kama yeye hajui. Unaweza kukijua kiraka cha namna hii bila hata spika nzuri: fumba macho, sikiliza hewa ya chumba na siyo maneno. Hewa ikiruka, kuna mkato.

Sikuiondoa. Niliirefusha. Kwenye folda ileile kulikuwa na nusu dakika ya kimya cha chumba tulichorekodi makusudi, na kwingine pikipiki nyingine ikikaribia. Nikatandika kile kimya chini ya sini nzima, nikaianzisha pikipiki sekunde nne kabla mama hajasema, nikaiacha ifike, ipunguze mwendo na izimwe nje baada ya neno lake. Sasa ni bodaboda iliyokuja kuwachukua mashemeji. Haikuwa kwenye skripti, ila inaeleza kwa nini shemeji anainuka haraka hivyo.

Bado palihitajika uso wa kulipokea neno. Nikamchukua shemeji kutoka teki ya tano, kabla mwongozaji hajaita mwanzo, akiwa anasikiliza maelekezo. Macho yake yanashuka, anameza mate. Alikuwa anakariri hatua zake. Baada ya "chukueni tu", ni mtu aliyepewa kitu alichokuja kukipigania na sasa hajui aweke wapi mikono. Nilimwacha pale sekunde tatu, nikaona zinaonyesha kama nafurahia. Nikapunguza fremu 14, zaidi kidogo ya nusu sekunde, ikatosha.

Chozi la teki ya sita nililiondoa lote. Nakiri nililitazama mara moja zaidi kabla ya kulitoa.

Umeme ulikatika saa kumi kasoro. Nilikuwa nimeshahifadhi, na betri ya akiba ilinipa dakika nane za kuzima mambo taratibu, lakini dakika arobaini zilizofuata nilikaa gizani nikisikiliza jogoo wa mtu na mbwa wa ng'ambo ya mto, na wazo moja baya likanijia. Mama yule hakujua anarekodiwa. Teki tisa alizokubali kutupa ziko kwenye hadi diski, na mimi ninachukua ya kumi ambayo hakuitoa. Si uchi, si siri yake. Ni maneno yetu wenyewe. Hata hivyo sauti ile ilikuwa yake kuliko zote tulizomlipia.

Umeme uliporudi nilimtumia mwongozaji sini kwa simu. Alijibu akiwa kitandani. "Chozi liko wapi?" Halafu, baada ya muda wa kutazama mara mbili: "Hii teki ya ngapi?" Nikamwambia. Akakaa kimya, nikasikia anakohoa. "Mpigie mama," akasema. "Akikataa tunarudisha ya sita."

Wauza dagaa huamka mapema kuliko wahariri wanavyolala. Saa kumi na moja na nusu alikuwa ameshafika Mwaloni. Nilisikia mikokoteni nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Filamu imeharibika?"

Nikamweleza, nikamchezea ile sauti kwenye simu. Ilibidi niirudie kwa sababu ya kelele.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe mama. Ulikuwa unapima sauti."

"Mbona sikulia?"

"Ndiyo maana tunaitaka. Ila hukujua kinasa kinafanya kazi, ndiyo nakuomba ruhusa."

Akacheka. Akamwambia mtu pembeni asubiri, kisha akarudi. "Weka. Lakini usimwambie mtu nilikuwa naigiza pale. Nilikuwa naangalia wingu lile kwa dirishani. Nilikuwa nimeanika dagaa mchangani tangu asubuhi, ninyi mnaniambia nirudie, nirudie. Nikasema moyoni, hawa wachukue wanachotaka niende zangu."

Nikaikumbuka teki ya saba na mvua juu ya mabati.

"Na dagaa je, mama?"

"Walilowa, mwanangu," akasema. "Wote."